Binti yangu anasukuma mpaka jasho linamtoka, leo siku ya tano choo hakitoki. Nini kimeziba?

#1 Baba Nasra · Jumapili, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja maana mama watoto amekaa pembeni anasoma ninavyoandika.

Binti yetu ana miaka miwili na miezi saba, kilo 12. Tangu mwezi wa tatu suala la choo limekuwa vita humu ndani. Akishikwa anaacha alichokuwa anachezea, anakimbilia nyuma ya kochi, anang'ang'ania pazia kwa mikono miwili, anasimama kwa ncha za vidole huku miguu imenyooka na kubanana kama askari kwenye gwaride. Uso unaiva, jasho linamtoka, analalamika "kinauma, kinauma". Dakika mbili tatu, anaachia pazia na kurudi kwenye vibakuli vyake kama hakuna kilichotokea. Choo hakuna. Hiyo inajirudia mara sita saba kwa siku. Leo siku ya tano.

Kikija kutoka ni cha mtu mzima, siwatanii. Cha mwisho ilibidi nikikate kwa kijiti ndipo maji yakakichukua. Alilia mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama. Kulikuwa na damu kidogo, nyekundu, imepaka kwa nje tu.

Papai anakula, maji anakunywa. Mama yangu anasema ni mchango. Swali langu: mtoto anasukuma kwa nguvu zote hizo, kwa nini hakitoki? Kuna kitu kimeziba?

#2 Kiroboto wa Tandika

Nimeweka kambi hapa. Mwenye kahawa apitishe.

#3 Mla Dona

Sembe hiyo. Watoto wa mjini mnawalisha unga mweupe, uji mweupe, mkate mweupe, halafu mnashangaa. Mpe dona, mpe mchicha, mpe parachichi nusu asubuhi nusu jioni. Wiki moja tu utanikumbuka. Sisi tulikulia mihogo na hakuna aliyejificha nyuma ya pazia.

#4 Kiroboto wa Tandika

Mapazia yalikuwepo lakini mkuu?

#5 Bi Mkubwa wa Pongwe

Mwanangu, pole. Chukua sabuni ya mche, chonga kipande kama kidole chake kidogo, kiloweshe, mtie. Hamalizi dakika tano. Wanangu saba nimewalea hivyo na wote wazima.

#6 Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Bi Mkubwa. Sabuni nitairudia, usinikasirikie.

Baba Nasra, nisome taratibu. Huyo mtoto hasukumi. Anabana. Umeeleza vizuri sana ila umesoma picha kinyume. Jaribu wewe mwenyewe, funga mlango usionekane: simama kwa vidole, nyoosha miguu, bananisha makalio, kisha ujaribu kusukuma choo. Haiwezekani. Anayetaka kitoke anakunja magoti na kuchuchumaa, hata mtoto wa mwaka mmoja anajua bila kufundishwa. Anayenyoosha miguu, anayepishanisha mapaja, anayejikunyata ukutani au kushika kitu kwa mikono miwili, huyo anapigana kisitoke. Uso unaiva vilevile, jasho lilelile, ndiyo maana wazazi karibu wote wanadanganyika.

Na hiyo damu ya kwa nje ndiyo mwanzo wa hadithi. Kuna siku choo kigumu kilimchana. Mchubuko wa pale ni mdogo kama wa karatasi lakini unawaka moto. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba kidonda kitapona. Anachojua ni kwamba kile kitu kikitoka kinauma, basi kisitoke. Akibana kwa dakika mbili haja inapotea kweli, kwa sababu choo kinarudi juu kidogo na mwili unaacha kudai. Kwa akili yake ameshinda. Kila akibana anapata zawadi hapohapo, yaani maumivu hayaji. Utamshawishi vipi aache?

Ila kule juu utumbo haujalala. Kazi ya utumbo mkubwa ni kunyonya maji, na choo kilichokaa kinazidi kunyonywa na kipya kinajipanga nyuma yake. Fikiria udongo wa mfinyanzi ulioachwa juani. Siku ya tano kinatoka kikubwa na kikavu kuliko cha kwanza, kinachana palepale palipokuwa panapona, na mtoto anasema moyoni, si niliwaambia.

#7 Baba Nasra

Nimemsomea mke wangu kwa sauti. Tumekaa kimya kwanza.

Nesi, tangu mwezi wa tatu tunamzunguka pale kwenye pazia tunapiga makofi, "sukuma mama, sukuma, hivyo hivyo!"

#8 Kiroboto wa Tandika

Miezi yote hiyo mlikuwa mnashangilia timu pinzani 😂

#9 Mama Kichanga

Samahani naomba kuuliza hapahapa. Wangu ana miezi mitatu, ananyonya ziwa tu, siku ya sita leo hajapata choo. Na yeye anabana? Nimechanganyikiwa.

#10 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama Kichanga hapana, hilo ni jambo lingine. Anayenyonya ziwa tu anaweza kukaa wiki nzima na kikatoka laini kama haradali. Kama tumbo ni laini, ananyonya, anaongezeka uzito, hatapiki, mwache. Akitapika kijani au tumbo likivimba, usiniulize mimi, nenda hospitali usiku huohuo.

#11 Fundi Bomba Mstaafu

Nimesoma maelezo ya Nesi, yananyooka. Ila kama fundi nasema hivi: bomba likiziba unaongeza maji. Mtoto anywe maji mengi, lita moja na nusu, mbili, kitalainika chenyewe. Dawa za nini?

#12 Nesi wa Zamu ya Usiku

Fundi, bomba lako halinyonyi. Maji anayokunywa mtoto yanafyonzwa huko juu kwenye utumbo mwembamba na kutoka kwa njia ya mkojo. Kama alikuwa hanywi vya kutosha, ndiyo, mrudishe kwenye kiwango cha kawaida. Lakini ukimnywesha lita mbili huyu wa kilo 12, utapata mtoto anayekojoa sana mwenye choo kigumu. Tunachohitaji ni kitu kinachoshika maji *ndani ya choo* mpaka mwisho wa safari. Laktulosi inafanya hivyo, na makrogoli, ile poda ya kukoroga kwenye maji.

Na Mla Dona, chakula chako ni kizuri kwa siku ambazo njia iko wazi. Foleni ikishafunga mlangoni, ukimwongezea makapi mengi unaongeza mzigo nyuma ya kilichokwama. Tumbo linajaa gesi, hamu ya kula inapotea. Kula kwa kawaida, mboga na matunda ya kawaida. Parachichi halijawahi kumtoa mtoto woga.

#13 Mla Dona

Kwangu lilifanya kazi. Ndiyo hayo tu.

#14 Umm Salim wa Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nataka Baba Nasra asikie kisa changu kabla hakijamfika.

Mwanangu wa kiume alianza hivyohivyo, akijibana nyuma ya kabati. Akafika miaka mitatu na nusu, nikaanza kuona chupi ina madoa. Kidogo, laini, mara nne mara tano kwa siku, harufu kali. Nikasema alhamdulillah, sasa anaendesha, kufunga kumekwisha. Duka moja la dawa wakanipa dawa ya kuzuia kuharisha na metronidazoli. Ikawa mbaya zaidi. Mtoto akawa hali, tumbo limetuna upande wa kushoto chini ukibonyeza kama unabonyeza muhogo. Nilimpiga pia, sitaficha, nikidhani ni uvivu wa kwenda chooni. Akiniangalia tu na kusema "sikusikia, mama."

Daktari wa watoto alimbonyeza tumbo akaniambia, huyu haharishi hata kidogo, amejaa. Kile cha juu kilicho laini kinapenya pembeni ya jiwe na kuvuja. Na kweli hasikii, hasemi uongo.

Mimi mpaka leo nikikumbuka lile "sikusikia" nainama.

#15 Baba Nasra

Dada Umm Salim, asante. Mke wangu anasema jana aliona doa kwenye chupi. Nilimwambia hajamfuta vizuri.

#16 Nesi wa Zamu ya Usiku

Baba Nasra, hilo doa linanibadilishia mawazo. Kesho mpelekeni aonwe na mtu wa watoto, abonyezwe tumbo.

Kwa nini hasikii: sehemu ya mwisho ya utumbo inakuwa kama lastiki ya chupi ya zamani. Kwa kawaida choo kidogo kikiingia pale, ukuta unavutika na mtoto anapata taarifa. Ikishakaa imejaa wiki na wiki, imetanuka, choo kidogo hakiishtui tena. Anashtuka pale kinapokuwa kikubwa kupita kiasi, na hicho ndicho kitakachouma. Lastiki hairudi kwa wiki moja. Miezi. Hapo ndipo watu wengi wanaanguka: choo kinakuwa laini siku kumi, wanaacha dawa, wanarudi palepale, wanasema dawa haifai.

Kwa hiyo kama daktari atakuta amejaa, tegemea hatua mbili. Kwanza kuondoa kilichokwama. Pili kulainisha kila siku, kwa uchache miezi miwili, na dawa ipunguzwe polepole baada ya mwezi mzima bila tatizo. Ukianza na hatua ya pili wakati njia imefungwa, unampa maumivu ya tumbo na kuvuja kuzidi.

Bi Mkubwa, sasa sabuni. Sabuni ya mche ina magadi, inachoma ngozi laini ya ndani, na ndiyo maana inaleta haraka: utumbo unakimbia moto. Kwa mtoto huyu ubaya ni mara mbili. Anaogopa kwa sababu pale panauma, na wewe unapitisha kitu palepale kwa nguvu huku watu wawili wamemshika. Umemthibitishia.

#17 Bi Mkubwa wa Pongwe

Nimekusikia mwanangu. Lakini wangu saba wazima.

#18 Kiroboto wa Tandika

Bi Mkubwa, tuwaulize hao saba kwanza 😂

#19 Nyundo ya Sido

Miezi miwili ya dawa kwa mtoto wa miaka miwili? Utumbo utazoea, akifika darasa la kwanza hawezi kwenda bila chupa. Mimi shangazi yangu alizoea vidonge vya kufungua tumbo mpaka uzeeni. Nesi uwe makini na ushauri unaotoa.

#20 Nesi wa Zamu ya Usiku

Nyundo, vidonge vya shangazi inawezekana vilikuwa vile vya kuuchapa utumbo ujikunje. Hizi nilizotaja haziuchapi, zinashika maji na kutoka nayo. Makrogoli karibu yote inatoka ilivyoingia. Laktulosi inachachushwa na wadudu wa tumboni, ndiyo maana watoto wanajamba sana. Kinachomfanya mtoto ategemee dawa muda mrefu ni lile tumbo lililotanuka, na linatanuka zaidi ukimwacha bila dawa. Sijasema mtu akanunue mwenyewe, nimesema aonwe.

#21 Mkaa Kimya

Huwa nasoma tu lakini leo nitaandika. Msiwaambie watu wote ni woga.

Mwanangu wa kwanza kila mtu alisema anabana, anadeka. Alikuwa na kitu cha kuzaliwa nacho: neva za kipande cha mwisho cha utumbo hazikuwepo, kile kipande hakilegei kupitisha. Ugonjwa wenyewe unaitwa Hirschsprung. Dalili ilikuwepo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeniuliza: kile choo cheusi cha kwanza kilichelewa mpaka siku ya tatu. Tumbo lake lilikuwa kubwa, miguu myembamba, uzito hauongezeki. Amefanyiwa upasuaji, sasa yuko darasa la tatu.

#22 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mkaa Kimya, asante sana, na ndiyo swali nililopaswa kuliuliza mwanzo kabisa. Baba Nasra: choo cheusi cha kwanza kilitoka lini? Na tatizo lilianza lini hasa? La kuzaliwa huanza wiki za mwanzo, na watoto hao kwa kawaida hawatoi choo kikubwa cha kuziba shimo wala hawachafui chupi. Pia angalia kama anatembea vizuri, uzito unapanda, na chini ya mgongo hakuna kishimo au nywele za ajabu.

#23 Baba Nasra

Mama Nasra hapa, nimechukua simu. Yeye hajui haya, alikuwa safarini.

Choo cheusi kilitoka siku aliyozaliwa, jioni. Mpaka miaka miwili na miezi mitatu alikuwa anaenda kila siku, bila shida. Mwezi wa tatu mambo yalifuatana ndani ya wiki tatu. Alipata homa na vidonda vya mdomo, siku nne hali wala hanywi. Baada ya hapo nikamwachisha ziwa, nikamwanzishia maziwa ya ng'ombe, na kwa kuwa hali chakula nikawa nampa vikombe vinne vitano kwa siku ili angalau apate kitu. Na shule ya awali waliniambia hawapokei mtoto wa nepi, kwa hiyo nikanunua poti. Choo cha kwanza cha kumchana alikitolea kwenye hiyo poti. Nilimkalisha nusu saa, nikamzuia mabega asinyanyuke.

Sijawahi kumwambia mtu hilo la mabega.

#24 Umm Salim wa Kisauni

Hauko peke yako, dada yangu.

#25 Mla Dona

Maziwa! Vikombe vitano! Hapo ndipo pa kukamata, sahau mengine yote.

#26 Mwalimu wa Vidudu

Mimi nafundisha chekechea Morogoro na nitabishana na wote wawili. Kila mwaka napata watoto ambao choo chao si kigumu hata kidogo na bado wanakataa. Mmoja alikuwa anaenda nyumbani vizuri, shuleni tuna choo cha shimo, giza, nzi, tundu kubwa kuliko yeye. Alibana kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwezi wa pili ndipo kikawa kigumu, na hapo ndipo maumivu yakaja. Kwa hiyo woga ulitangulia. Nesi anasema maumivu yanaleta woga, mimi nimeona woga ukileta maumivu.

Na mwingine alikuwa hana woga wowote, alikuwa hataki tu kuacha mchezo. Akibana leo dakika kumi, kesho saa moja.

#27 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, sibishi. Duara hili halina mahali pamoja pa kuanzia. Wengine wanaingilia kwenye homa, wengine kwenye maziwa, wengine kwenye poti, wengine kwenye choo cha shule. Kwa Nasra nadhani homa ilikausha choo, maziwa yakaua hamu ya chakula, poti ikawa mahali pa tukio. Lakini siwezi kuapa. Kuna watoto wachache ambao maziwa ya ng'ombe yenyewe hayawapendi, unayaondoa wiki mbili mpaka nne unaona tofauti, ukirudisha tatizo linarudi. Kwa wengi ni wingi wake tu.

Akishazunguka mara tatu nne hata hivyo, kilichoanzisha hakina nguvu tena. Duara linajizungusha lenyewe.

#28 Nyundo ya Sido

Kwa nini msiseme ukweli kwamba vyoo vya kukaa ndivyo tatizo? Choo cha kuchuchumaa hakuna mtoto anayefunga.

#29 Mwalimu wa Vidudu

Nimetoka kukuambia choo cha shimo mkuu. Ulisoma?

#30 Nyundo ya Sido

Nilisoma juu juu.

#31 Fundi Bomba Mstaafu

Hapa Nyundo ana nusu ya ukweli. Nimefunga vyoo maisha yangu yote. Mtoto ukimkalisha kwenye choo cha mtu mzima miguu inaning'inia, anashikilia asidumbukie, na anayeshikilia asidumbukie amekaza kila kitu. Weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga. Ni kuchuchumaa kulekule ila umekaa.

#32 Nesi wa Zamu ya Usiku

Fundi, umenifurahisha, hilo halina kasoro.

#33 Baba Nasra · Jumatano, saa 4:40 usiku

Mrejesho. Daktari alibonyeza tumbo akapapasa jiwe kushoto chini, akaangalia kwa nje tu akaona mchubuko, hakumwingiza kidole. Akasema amejaa. Ameandika makrogoli gramu 15 kwa siku, mpaka kitoke chote, asizidishe siku sita bila kurudi. Tumezunguka maduka matatu ndipo tukaipata. Baada ya hapo gramu tano kila siku, tuongeze au tupunguze kufuata choo kinavyotoka, tunatafuta ulaini wa parachichi lililoiva. (Mla Dona, umepata parachichi lako.) Maziwa vikombe viwili basi. Poti imepanda juu ya kabati, nepi imerudi.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili alivuja siku nzima, mke wangu alilia akidhani tumemharibu. Leo ya tatu, saa tisa mchana, vimetoka vipande kama makaa, halafu kingi, kingi, laini. Alikuwa nyuma ya pazia, amesimama. Alishangaa. Akaangalia chini, akatuangalia, akasema "hakijauma".

Amekula sahani mbili za wali.

#34 Kiroboto wa Tandika

Tumefunga goli zuri leo. Hongereni.

#35 Bi Mkubwa wa Pongwe

Alhamdulillah. Mnyunyizieni na dua.

#36 Baba Nasra · wiki tatu baadaye

Wakuu nimerudi na aibu. Choo kilikuwa kinatoka kila siku, laini, siku kumi na mbili mfululizo. Tukasafiri kwa mama yangu, poda tukaisahau Dar, nikasema si amepona. Siku ya nne akasimama nyuma ya mlango wa bibi, vidole juu, miguu imebanana.

Nesi, choo chenyewe kilipotoka hakikuwa kigumu hata! Cha kawaida. Mbona anabana kitu kisichouma?

#37 Nesi wa Zamu ya Usiku

Kwa sababu kidonda kilipona kabla ya kumbukumbu. Mchubuko unafunga kwa wiki chache, lakini yeye ana miezi ya kukumbuka na siku kumi na mbili tu za kusahau. Rudisha poda leo, gramu zilezile tano, na mpigie daktari umweleze. Usimkaripie. Na safari hii hesabu kwa miezi.

Kuhusu poti, usikimbilie. Akiwa amezoea kutoa kwenye nepi bila kujificha, mwambie aendelee na nepi yake ila afanyie chooni, amesimama, sawa. Baadaye akae kwenye poti na nepi yake, miguu imekanyaga chini, dakika tano baada ya chakula cha mchana, wakati tumbo lenyewe linasukuma. Mpe puto apulize. Anayepuliza puto hawezi kubana vizuri, jaribu uone. Akizoea hapo, kata tundu kwenye nepi.

#38 Nyundo ya Sido

Tundu kwenye nepi? Sasa nepi ya nini?

#39 Umm Salim wa Kisauni

Ya moyo wake, kaka. Wangu tulikata tundu, kila wiki kubwa kidogo, mpaka ikabaki mkanda kiunoni kama mcheza mieleka. Mwenyewe akaivua siku moja akasema inamkwaruza. Dawa alikaa nayo miezi kumi na moja.

#40 Mwalimu wa Vidudu

Na shule iliyokataa nepi ipewe uzi huu isome.

#41 Baba Nasra · jana

Wiki ya tisa. Yuko kwenye gramu nne. Hajajificha tangu tarehe mbili, ila poti bado anaikanyaga kama kigoda cha kuchungulia dirishani, na sisi tumemwacha.

Mama yangu amepiga simu kusema ile hirizi ya mchango aliyomfunga kiunoni tulipokwenda ndiyo iliyofanya kazi, maana yalibadilika wiki ileile. Nimehesabu tarehe. Ni wiki ileile tuliyorudisha poda.

#42 Kiroboto wa Tandika

Umemwambia?

#43 Baba Nasra

Nimemwambia ahsante mama.